Dola au Shilingi: Fedha ya Karafuu Iwekwe Wapi?

Mwanachama wetu mmoja wa Pemba amemaliza kuuza karafuu zake za msimu, na baada ya kulipa wachumaji na madeni ya nyumbani amebakiwa na shs. 12,750,000. Binti yake anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, na mama huyu amekwisha kwenda huko bara mara mbili kumtazama. Ameona jinsi mji ulivyotanuka tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, naye amenunua kiwanja kidogo. Nia yake ni kujenga vyumba vya kupangisha baada ya mwaka mmoja, au ikichelewa sana, miaka mitatu.

Swali alilotuletea ni hili: fedha hiyo aiweke benki kwa shilingi, au aibadili kwanza iwe dola? Jirani yake amemwambia kwamba shilingi hushuka kila mwaka, na mwenye dola hulala usingizi. Tumeona swali hili ni la wengi, kwa kuwa ZSTC hutulipa kwa shilingi, na kila msimu wako wanachama wanaokwenda moja kwa moja kutafuta dola. Basi na tulifanyie hesabu pamoja, polepole.

Tuseme benki yatoa riba ya asilimia 9 kwa mwaka kwa akiba ya muda maalumu ya shilingi, na asilimia 3 kwa akiba kama hiyo ya dola. Tuseme tena kwamba ubao wa benki waonyesha kuwa yauza dola moja kwa shs. 2,550 na yanunua kwa shs. 2,475. Hizi ni tarakimu za mfano tu. Msomaji aweke mahali pake zile atakazopewa na benki yake, maana hubadilika, na mwenye fedha nyingi aweza kupewa riba nzuri zaidi akiomba.

Twaanza na shilingi. Riba ya asilimia 9 juu ya shs. 12,750,000 ni shs. 1,147,500. Lakini benki hukata kodi ya zuio asilimia 10 ya riba hiyo kabla ya kuitia katika hesabu yako, yaani shs. 114,750. Inabaki shs. 1,032,750. Kwa hiyo mwisho wa mwaka mama huyu atakuwa na shs. 13,782,750.

Sasa dola. Akinunua kwa shs. 2,550 atapata dola 5,000 kamili. Riba ya asilimia 3 ni dola 150, kodi ni dola 15, zinabaki 135. Mwisho wa mwaka atakuwa na dola 5,135. Lakini mafundi wa Dodoma na wauza saruji hawalipwi kwa dola, na tangu Machi 2025 kanuni za nchi zakataza kutoza au kulipa bei kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani. Hapana budi azirudishe ziwe shilingi, na hapo benki itamlipa kwa bei yake ya kununua, si kwa bei yake ya kuuza.

Swali lenyewe basi ni hili: siku hiyo bei ya kununua ya benki iwe shilingi ngapi ili dola 5,135 zifike shs. 13,782,750? Gawa ya pili kwa ya kwanza, utapata shs. 2,684. Hiyo ndiyo bei ya kusawazisha. Leo benki yanunua kwa shs. 2,475. Ni lazima basi bei ya dola ipande kwa shs. 209, yaani karibu asilimia 8 na nusu katika mwaka mmoja, ili mwenye dola awe sawa tu na mwenye shilingi. Ikipanda chini ya hapo, ingawa shilingi imeshuka kweli, mwenye shilingi ndiye aliyefaidi.

Watu wengi hushangaa hapa. Tofauti ya riba ni asilimia 6 tu, hiyo 8 na nusu imetoka wapi? Imetoka kwenye ubao wa benki. Aliyenunua dola asubuhi kwa 2,550 na kuzirudisha jioni kwa 2,475 amepoteza shs. 75 katika kila dola, kiasi cha asilimia 3, na hajasogea hata hatua moja. Huo ni ushuru wa kwenda na kurudi, na jirani hakuutaja.

Ushuru huo hulipwa mara moja tu, hata dola zikikaa miaka mingi. Kwa hiyo fedha ya kukaa muda mrefu ina hesabu nyingine. Mama huyu akiziacha miaka mitatu, huku riba ikiongezwa juu ya riba, bei ya kusawazisha yawa karibu shs. 2,974. Hiyo ni sawa na kupanda asilimia 6 na kidogo kila mwaka, badala ya 8 na nusu. Muda ukizidi, mzigo wa dola wapungua, lakini hauondoki.

Sasa tuulize: je, shilingi yaweza kushuka kiasi hicho? Hapa hakuna ajuaye, lakini historia ipo. Shilingi ya Tanzania ilipoanza kutumika mwaka 1966, dola moja ilikuwa shs. 7 na senti 14. Mwaka 2014 ilikuwa kama shs. 1,650 kwa wastani, na mwaka 2024 kama shs. 2,600. Ukitazama miaka hiyo kumi ya mwisho utaona dola imepanda chini kidogo ya asilimia 5 kwa mwaka. Kwa mfano wetu, asilimia 5 haitoshi kwa mwaka mmoja, wala haitoshi kwa mitatu. Shilingi iliyofungwa kwa asilimia 9 yashinda.

Lakini tusidanganywe na wastani, kwa sababu shilingi haishuki kama ngazi, hatua moja kila mwaka. Mwaka 2015 peke yake dola ilipanda kutoka kama shs. 1,725 hadi kama 2,150. Kisha tangu 2016 hadi 2022 ilitambaa tu, kutoka karibu 2,200 hadi 2,300 hivi. Mwaka 2023 ikaruka tena mpaka 2,500. Aliyeshika dola mwaka 2015 alipata sana, na aliyezishika miaka sita iliyofuata alikosa riba ya shilingi bure.

Na yaweza kurudi nyuma. Mwanachama wetu alipokuwa Dodoma alikaribishwa na mzee mmoja mkulima wa zabibu upande wa Hombolo, naye alimsimulia yaliyompata. Mwaka 2024 dola ziliadimika nchini, na bei ikawa yapanda kila wiki. Mwezi wa Oktoba mzee akakusanya fedha yake ya mavuno akanunua dola 1,000 kwa shs. 2,730, akiogopa kwamba zitafika 3,000. Mwisho wa mwaka shilingi ikapata nguvu, fedha za utalii, dhahabu na mazao zilipoingia, na dola ikateremka hadi karibu 2,400. Mwezi wa Januari alihitaji fedha ya kuajiri vibarua shambani, akauza kwa shs. 2,400.

“Mama, nilipoteza laki tatu na thelathini elfu kwa miezi mitatu,” alisema mzee.

“Na kwa nini hukungoja, baba?”

“Zabibu hazingoji, mwanangu. Palizi ni palizi.”

Jibu la mzee laonyesha hatari mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kununua wakati kila mtu ananunua, bei ikiwa imekwisha kupanda. Ya pili ni kuweka kwa dola fedha ambayo siku ya kuhitajiwa kwake yajulikana, na matumizi yake ni ya shilingi. Mwenye kujua kuwa atauza mwezi fulani hana nafasi ya kungoja bei irudi.

Je, jirani amekosea kabisa? Hapana. Iko hali moja ambayo maneno yake ni ya kweli, nayo ndiyo hali ya wengi wetu. Wengi hawafungi shilingi zao kwa muda maalumu. Huziacha katika kitabu cha akiba cha kawaida, ambacho riba yake ni ndogo. Tuseme ni asilimia 2. Rudia hesabu: baada ya kodi, shs. 12,750,000 zawa shs. 12,979,500 tu. Gawa kwa dola 5,135, bei ya kusawazisha yawa kama shs. 2,528. Dola ikipanda asilimia 2 na kidogo tu, mwenye dola za muda maalumu amekwisha kukupita. Kwa hiyo linganisha akiba ya muda na akiba ya muda. Anayesema dola zimemfaa mara nyingi amezilinganisha na shilingi zilizolala.

Liko na jambo la matumizi. Mwenye kuweka akiba ya safari ya Hija, au ya kuagiza mashine kutoka nje, deni lake la mbele laenda na dola. Huyo hashindani na shilingi. Ajikinga tu bei isimkimbie, na asilimia chache za riba atakazokosa ni malipo ya kinga hiyo. Mama wa Dodoma si huyo. Tofali, mchanga na ufundi wake ni wa shilingi, ingawa nondo na mabati huweza kupanda dola ikipanda.

Wanachama wasiopokea riba waweza kutumia hesabu hii hii kwa akiba za Kiislamu, kama zile za PBZ. Mahali pa riba watie faida ya mgawo. Ila faida hiyo haiahidiwi mapema, basi yafaa kutazama iliyolipwa miaka iliyopita na kutia tarakimu ya chini.

Kabla ya kuamua, uliza benki mambo manne, na uyaandike: riba ya shilingi kwa muda unaoutaka, riba ya dola kwa muda huo huo, bei ya kuuza dola, na bei ya kununua. Uliza pia kama hesabu ya dola ina ada ya kila mwezi, maana ada ya dola 2 tu kwa mwezi ni dola 24 kwa mwaka, na katika mfano wetu ingekula karibu sehemu ya sita ya riba yote. Na kumbuka kwamba akiba ya muda ikivunjwa kabla ya siku yake, riba hupunguzwa au hupotea.

Mama yetu amekwisha kuamua. Fedha ya msingi na kuta ameifunga kwa shilingi, mwaka mmoja. Sehemu ndogo, ya mabati na nondo za mwaka wa tatu, amenunua dola, akijua kwamba zamgharimu kitu. Jirani bado amkosoa, naye amjibu kwa kumwonyesha karatasi yenye ile namba: 2,684.