Nyuki au uyoga: anza kwa kumtazama jirani

Kijana asiye na shamba akitafuta mradi wa kumwingizia kipato, husikia majina mawili upesi: nyuki na uyoga. Yote mawili husifiwa kwa jambo moja, kwamba hayahitaji eneo kubwa. Kwa uyoga, sifa hiyo ni kweli. Kwa nyuki ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo huwagombanisha watu na majirani zao.

Mzinga wenyewe hauzidi ukubwa wa sanduku la nguo. Lakini nyuki hali mzingani. Huruka hata kilomita tatu kutafuta maua na maji, kwa hiyo shamba lake halisi ni mitaa yote inayokuzunguka. Tena nyuki wetu wa Afrika Mashariki ni mkali katika kutetea kundi lake. Akiuma, huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake waje kuuma palepale. Mbuzi aliyefungwa karibu hana pa kukimbilia, wala mtoto anayecheza uani hajui la kufanya. Ndiyo maana mizinga huwekwa mbali na nyumba, njia na mifugo, mita mia kadhaa, tena ikiwezekana nyuma ya vichaka ili nyuki wapae juu kabla ya kufika walipo watu. Uani kwa nyumba ya kupanga hakuna nafasi hiyo. Nyuki wadogo wasiouma wanaweza kufugwa karibu na nyumba, na asali yao inathaminiwa sana, lakini mzinga wao hutoa kidogo mno kwa mwaka. Mtu hapangi bajeti ya kodi ya nyumba kwa kuwategemea hao.

Sasa tumchukue kijana anayeishi Kihonda, Morogoro. Ana chumba cha kulala na stoo ya mita tatu kwa tatu, ukuta kwa ukuta na jirani. Mabua ya mpunga atayapata upande wa Dakawa baada ya mavuno. Kwa huyu ningesema uyoga bila kusita, tena ule wa mamama, kwa kuwa ndio unaomvumilia anayejifunza. Ila kuna sharti moja: asilale katika chumba hicho. Uyoga uliokomaa hutoa vumbi jepesi sana, na kulivuta kila usiku huleta kikohozi na kubanwa kifua. Mwenye chumba kimoja tu asianze.

Aanze na mifuko ishirini. Kila mfuko utahitaji kama kilo moja ya mabua makavu. Atayakata vipande vifupi vya kama urefu wa kidole, atayaloweka usiku kucha, kisha atayaacha yachuje maji. Kipimo cha unyevu ni mkono: shika konzi moja, kamua kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu, ni sawa. Maji yakichuruzika, mabua yataoza kabla uyoga haujashika. Baadaye ayapike kwa mvuke ndani ya pipa, juu ya wavu ili yasiguse maji, kwa saa tatu au nne. Lengo ni kuua ukungu na wadudu waliokuja nayo kutoka shambani.

Hapo ndipo wengi hukosea kwa haraka. Mbegu za uyoga ni nafaka iliyotandwa na nyuzi nyeupe zilizo hai, na mabua ya moto huziua. Yaachwe yapoe kabisa, pasipo upepo na vumbi. Mikono ioshwe kwa sabuni, kisha mabua yapangwe mfukoni tabaka kwa tabaka, mbegu kidogo juu ya kila tabaka. Kwa mifuko ishirini, kilo mbili hadi tatu za mbegu zinatosha. Mifuko hufungwa, hutobolewa matundu machache, na kuwekwa gizani. Baada ya wiki mbili hadi nne mfuko wote huwa mweupe. Ukiona doa la kijani au jeusi, huo ni ukungu. Toa mfuko huo nje siku hiyohiyo, usiufungulie ndani. Mwanzoni kupoteza mifuko miwili au mitatu kati ya ishirini ni kawaida. Ukipoteza nusu, kasoro iko kwenye kupika au kwenye usafi, au mbegu zilikuwa kuukuu.

Mifuko ikishakuwa myeupe hupewa mwanga kidogo, hewa na unyevu mwingi. Kazi ya kila siku inaanzia hapo: kunyunyiza maji kwenye kuta, sakafu na hewani mara mbili au tatu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Uyoga wenyewe utakuambia kilichopungua. Miguu ikirefuka na kofia zikabaki ndogo, chumba kinakosa hewa. Kingo zikikauka na kupasuka, maji hayatoshi. Vichomoza hukua upesi sana, na huvunwa kabla ukingo wa kofia haujajikunja kwenda juu. Ukichelewa, uzito unapungua na vumbi lile linaanza kutoka.

Mfuko wa mwanafunzi ukimpa nusu kilo katika mikupuo miwili au mitatu, amefanya vizuri. Mifuko kumi na minane iliyopona itampa kama kilo tisa ndani ya miezi miwili hivi. Achukue gharama ya mbegu, mifuko, kuni na usafiri wa mabua, aigawanye kwa tisa. Hiyo ndiyo gharama ya kilo moja, kabla hajajilipa chochote. Bei ya mnunuzi ikiwa juu kidogo tu ya hapo, mifuko ishirini mingine haitamwokoa.

Na mnunuzi atafutwe kabla ya mbegu, kwa sababu uyoga mbichi bila friji huharibika ndani ya siku moja au mbili. Kilo nne zinaweza kuwa tayari asubuhi moja, halafu wiki nzima isitoke hata moja. Mama lishe wawili na hoteli moja waliokubali kupokea siku yoyote wana faida kuliko soko kubwa lililo mbali. Kukausha kunasaidia, lakini kilo kumi mbichi hubaki kama kilo moja kavu, na wateja wengi hawajazoea kuulipia ukavu huo.

Asali haina shida hiyo. Ikivunwa imeiva, yaani nyuki wakiwa wameziba kwa nta sehemu kubwa ya sega, hukaa miaka. Ikivunwa mbichi ina maji mengi na huchachuka. Kijana ambaye mjomba wake ana shamba lenye miti, mbali na nyumba, na ambaye hahitaji fedha mwezi ujao, huyo namshauri nyuki. Mizinga miwili ya viunza inatosha. Apake nta kwenye viunza ili kuwavuta nyuki, aitundike kwa waya uliopakwa grisi kuzuia siafu, aipeleke kabla ya msimu wa maua. Kisha asubiri. Mzinga unaweza kukaa mtupu kwa miezi, na mara nyingi mavuno ya kwanza huja msimu unaofuata. Siku ya kuvuna asiende peke yake, wala bila mavazi ya kinga na bomba la moshi. Masega yenye majana ayaache, kwani hayo ndiyo nyuki wa kesho.

Nyuki wachache wakionekana mlangoni, asifungue mzinga. Akae pembeni kwa mbali, atazame miguu ya wanaorudi. Wakibeba vibonge vya chavua vya njano siku baada ya siku, malkia ameanza kutaga, na kundi limehamia.