Kwa nini "kutaneni katikati" haikumaliza mgomo wa madaktari

Kila mgomo ukianza, kuna mtu kwenye komenti huandika: si wakutane tu katikati? Mmoja anataka 206,000, mwingine anatoa 70,000, basi chukueni 138,000 twende nyumbani. Ni hesabu safi. Shida ni kwamba haisemi lolote kuhusu kama makubaliano yanawezekana.

Tuanze na pikipiki. Unauza yako na umetangaza 120,000. Moyoni unajua hushuki chini ya 80,000, kwa sababu kuna broka amekuahidi hiyo pesa leo jioni. Mnunuzi anaanza na 60,000, lakini anaweza kupanda hadi 95,000, maana mtaa wa pili kuna nyingine kama hiyo kwa bei hiyo. Kati ya 80,000 na 95,000 kuna nafasi. Bei yoyote mle ndani inamwacha kila mmoja vizuri kuliko akiondoka. Wanaosomea mambo haya huiita eneo la makubaliano yanayowezekana.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: broka amekuahidi 100,000. Mnunuzi bado anaanza na 60,000, wewe bado unatangaza 120,000, katikati bado ni 90,000. Lakini nafasi imeisha. Kwa 90,000 utakuwa umejitupia 10,000 bure. Hakuna aliyekuwa mkaidi. Mlichokuwa mkitamka mezani hakikubadilika hata kidogo, kilichobadilika ni bei yako ya mwisho, na hiyo hutoka nje ya meza: inategemea utapata nini mkishindwana.

Turudi kwa madaktari. Machi 2024 KMPDU iligoma, na jambo moja gumu lilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Mkataba wa pamoja wa 2017 ulikuwa unawapa takriban 206,000 kwa mwezi. Serikali ikasema bajeti haibebi, itatoa 70,000.

Jiulize kila upande ungepata nini bila makubaliano. Madaktari walikuwa na mkataba uliotiwa sahihi, kitu unachoweza kupeleka kortini. Wakikubali 138,000, wanakuwa wamesaidia kuufuta wenyewe, na mwajiri yeyote kesho atajua kwamba mkataba unaweza kupunguzwa kwa kuchelewesha. Kwa upande wa serikali, kupanda juu ya 70,000 kungekuwa mfano kwa makundi mengine yote yanayodai mishahara. Kwa hivyo hiyo 138,000 iliwauma wote wawili. Kwa maoni yangu, kwa wakati ule hakukuwa na nafasi kabisa kwenye hoja hiyo.

Utauliza, nimejuaje si maringo tu ya kujadiliana? Swali zuri, kwa sababu mara nyingi nafasi ipo na watu bado wanakosana, kila mtu akificha bei yake ya mwisho akitumaini mwenzake atachoka. Mimi huangalia mwendo. Kwenye maringo, namba husogea: 70 inakuwa 80, 206 inakuwa 190. Pale ambapo nafasi haipo, namba hukaa palepale wiki baada ya wiki huku gharama zikipanda, na mazungumzo huhamia kwa mambo mengine.

Ndivyo ilivyokuwa. Mgomo ulidumu siku 56. Tarehe 8 Mei pande mbili zilitia sahihi fomula ya kurudi kazini, na malipo ya wanagenzi yakaachwa kando yashughulikiwe baadaye. Watu wengi mtandaoni waliita huo usaliti. Mimi naona walitenganisha mambo yaliyokuwa na nafasi na lile ambalo halikuwa nayo. Lakini njia hiyo ina bei, na aliyeilipa ni mwanagenzi, aliyebaki akingoja huku wakubwa wake wakirudi wodini. (Ukiwa mezani na hoja yako ndiyo inayowekwa kando, uliza mapema nani atairudisha na lini.)

Kuahirisha pekee hakufungui nafasi. Lazima bei ya mwisho ya mmoja isogee, na hiyo husogea pale gharama ya kukosana inapobadilika. Miezi ikapita, hoja haikufa, na Desemba 2024 kukawa na tishio la mgomo mwingine. Safari hii serikali ilikuwa imeshaona siku 56 zinafanana vipi. Kabla mwaka haujaisha makubaliano mapya yakatiwa sahihi: wanagenzi walipwe kulingana na ule mkataba wa 2017.

Angalia yalipoangukia. Si 138,000. Upande mmoja ulibaki pale pale, mwingine ukapanda hadi juu. Ukiona mjadala wa walimu ama wahadhiri wiki hii, wacha kuhesabu katikati. Uliza kila upande utapata nini kesho asubuhi wakiinuka bila sahihi.