Mzazi Anapoomba Bandeji Ifutwe Pichani

Mwaka wa masomo unapoelekea ukingoni, shule za chekechea za Malindi na Kilifi hujaa majoho madogo na kofia za pembe nne. Watoto wa PP2 wanahitimu. Mpiga picha huwapanga safu tatu chini ya mwarobaini, na si ajabu mmoja wao akawa ameanguka kutoka kwenye mwembe wiki hiyo hiyo.

Baadaye mpiga picha hupokea barua ya namna hii: "Kaka, salaam. Mwanangu yuko safu ya katikati, wa nne kutoka kushoto. Tafadhali mtoe ile bandeji kwenye paji la uso, nataka picha ya kutundika sebuleni."

Ombi lenyewe linawezekana, na mara nyingi si kazi kubwa. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye upana wa pikseli 6,000. Safu ya watoto kumi na mmoja ikijaza sehemu kubwa ya upana huo, uso wa kila mtoto hupata kama pikseli 150, na bandeji ya sentimita tano kama 60. Picha ikichapishwa kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa, bandeji hiyo haizidi milimita tatu. Fundi huifungua picha katika Photoshop, huongeza tabaka jipya ili asiguse picha ya asili, kisha kwa kifaa cha Clone Stamp huchota ngozi iliyo karibu na kuifunika bandeji. Healing Brush humalizia kwa kulainisha rangi pale viraka vinapokutana.

Ugumu huja bandeji inapokatiza nyusi. Hapo fundi hunakili nyusi ya upande wa pili na kuigeuza, lakini kivuli nacho hugeuka pamoja nayo. Kama jua lilitoka kulia, nyusi mpya itaonekana kana kwamba jua lilitoka kushoto. Kofia ya mahafali nayo hutupa kivuli chake kwenye paji, na ngozi iliyochotwa shavuni penye mwanga haiwezi kukaa pale bila kupunguzwa mwangaza. Ikiwa bandeji imezungushwa kichwa kizima, nywele na sikio havipo kabisa pichani. Fundi atalazimika kuvibuni, au apewe picha nyingine ya mtoto huyo iliyopigwa katika mwanga unaofanana.

Kazi mbovu haijifichi. Ikuze picha hadi asilimia 200: utaona paji lililolainika kama plastiki, alama moja ya ngozi ikijirudia mara mbili, au ukingo wa kivuli cha bandeji uliosahauliwa.

Wapiga picha wa Pwani hawakuanza jana kubadilisha picha. Kule Lamu, Omar Said Bakor wa Bakor Studio alijulikana kwa kukata picha kwa mkasi na kuziunganisha upya, na wateja walimwendea kwa ajili ya hilo.

Hata hivyo, mtoto ana neno. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maoni yake yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake, na mtoto wa miaka sita anaweza kabisa kusema kama anataka bandeji yake ibaki. Wengine huionea fahari. Bandeji itatoka baada ya siku chache, kwa hiyo kuifuta si kumbadilisha mtoto. Kovu la kudumu au alama ya kuzaliwa ni jambo jingine, na fundi asiiguse kwa sababu tu mzazi ameona haya.

Picha ya asili isifutwe kamwe. Faili lake hubeba tarehe na saa kama ilivyowekwa kwenye kamera, na kama baadaye kutazuka ubishi kuhusu lini mtoto aliumia, au kama aliumia shuleni, picha hiyo ni ushahidi.

Mpiga picha naye asibandike nakala ya "kabla na baada" kwenye Facebook kujitangaza. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya mtoto haitumiwi hivyo bila idhini ya mzazi au mlezi. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Shule ya Roma ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo.

Mzazi mwenye ombi kama hili aandike kabla picha hazijachapishwa, ataje safu na nafasi ya mtoto, na aambatanishe picha ya uso bila bandeji. Akiituma kwa WhatsApp, aitume kama faili, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora. Na amuulize mwanawe kwanza.