Baba mdogo si mjomba

Mwaka jana jirani yetu hapa Lubumbashi aliniomba nimtafsirie kwa Kiingereza maelezo ya mtoto anayemlea. Ofisi iliyoyataka ilikuwa nje ya nchi. Mtoto, mwenye miaka 12, alisema: "Baba alikufa. Baba ananilipia shule. Mjomba alituma pesa ya dawa." Sisi tunaelewa mara moja: baba wa kwanza ni mzazi wake, wa pili ni baba mdogo, yaani jirani yangu mwenyewe. Mimi nikamwandika baba mdogo "uncle", na mjomba vilevile "uncle". Baada ya wiki chache karatasi zilirudi na swali: kwa nini mtu mmoja ana majina mawili na anaishi katika miji miwili?

Kosa lilikuwa langu, lakini mzizi wake uko katika namna lugha hizi mbili zinavyowagawa ndugu wa wazazi. Kiingereza kinauliza jambo moja tu: huyu ndugu wa mzazi ni mwanamume au mwanamke? Kiswahili kinauliza kwanza ni ndugu wa nani, wa baba au wa mama. Halafu kinauliza kama ana jinsia moja na mzazi huyo. Jibu likiwa ndiyo, anapata jina la mzazi mwenyewe: ndugu wa kiume wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, na ndugu wa kike wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Jinsia zikitofautiana, anapata jina la peke yake: dada ya baba ni shangazi, kaka ya mama ni mjomba. Ukubwa na udogo hupimwa kwa umri wa mzazi, si kwa umri wako. Baba mdogo anaweza kuwa mtoto kuliko wewe na akabaki baba.

Mgawanyo huo unashuka hadi kwa watoto. Watoto wa baba mdogo ni kaka na dada zangu, kwa kuwa baba yao ni baba yangu. Watoto wa mjomba na wa shangazi ni mabinamu. Kwa upande wa pili, baba mdogo ananiita mtoto wake, lakini mjomba ananiita mpwa. Kwa hiyo anayetafsiri jina moja vibaya anaharibu pia majina ya kizazi kinachofuata.

Jambo lililonishangaza ni kwamba maneno haya ya Kiingereza hayakuzaliwa mapana hivyo. Kilatini kilikuwa na maneno manne: "patruus" kwa ndugu wa kiume wa baba, "avunculus" kwa mjomba, "amita" kwa shangazi, na "matertera" kwa dada ya mama. "Uncle" limetoka kwa "avunculus" na "aunt" kwa "amita", yote mawili kupitia Kifaransa. Maana yake, kwa asili, "uncle" alikuwa mjomba hasa, na "aunt" alikuwa shangazi hasa. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na maneno yake manne, kabla ya yale ya Kifaransa kuchukua nafasi baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066.

Tusijisifu haraka, kwa maana jambo hilohilo linatokea mjini kwetu. Tukisema "tonto" na "tantini" tunatumia mgawanyo wa Kifaransa, na mtoto anayekua na maneno hayo peke yake anaweza asijue tofauti ya shangazi na mama mdogo.

Tena, jina linaonyesha nafasi ya mtu, halionyeshi kazi yake yote. Kwa Wabemba, ambao ukoo wao hufuata mama, mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Kwa Wabashi wa Kivu ukoo hufuata baba, na watoto ni wa upande huo. Neno mjomba ni lilelile, lakini mzigo wake si mmoja. Kwa hiyo hata mfasiri anayejua maneno yote lazima aulize: katika familia hii, nani ana neno la mwisho juu ya mtoto?

Ndivyo nilivyofanya mara ya pili. Nilimuuliza jirani, kisha nikaliacha lile neno moja. Wa kwanza nilimwandika kuwa mdogo wa kiume wa marehemu, ambaye mtoto anamwita baba na ambaye ndiye anayemlea. Wa pili nilimwandika kuwa kaka ya mama, anayesaidia kwa pesa na kuishi mji mwingine. Nafasi ya kujaza uhusiano ilikuwa ndogo, ikabidi niongeze karatasi pembeni. Safari hii hawakuuliza ni nani.