Jinsi ya kuitambua siku ya juma kwa tarehe yoyote bila kalenda

JIRANI yangu ana kadi ya zahanati iliyokunjwa mara nyingi hata karatasi yake ikaanza kukatika. Ndiyo kumbukumbu ya kwanza ya kuzaliwa kwake. Cheti alichopata baadaye kinasema alizaliwa tarehe 17 Mei 1975, nacho kitambulisho chake kinasema tarehe 11 mwezi uo huo. Alipotaka kuomba pasipoti aliambiwa achague tarehe moja na kuirekebisha nyingine. Mamaye, ambaye hakwenda shule, hakujua lolote kuhusu tarehe hizo. Alijua jambo moja tu: ilikuwa Jumapili, kengele ya kanisa ikilia.

Maneno ya mama huyo yalitosha kuanzia kazi. Ipo njia ya kuhesabu kichwani inayomwezesha mtu kuijua siku ya juma kwa tarehe yoyote, na mwenye kuizoea huimaliza kabla ya wewe kufungua kalenda ya simu. Aliyeibuni ni John Horton Conway, mtaalamu wa hisabati mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, aliyefariki mwaka 2020. Aliitunga mwaka 1973, akiitegemea kwa sehemu njia nyingine ambayo mwandishi Lewis Carroll aliichapisha katika jarida la Nature mwaka 1887. Conway aliipenda mno hata akaipanga kompyuta yake imwulize siku za tarehe mbalimbali kabla ya kumruhusu aanze kazi. Kwa utani aliiita njia ya Siku ya Kiama. Sisi hapa tutaiita siku hiyo nguzo ya mwaka.

Wazo lenyewe ni jepesi. Katika kila mwaka ziko tarehe kadhaa ambazo siku zote huangukia siku moja ya juma. Tarehe 4 mwezi wa 4, tarehe 6 mwezi wa 6, tarehe 8 mwezi wa 8, tarehe 10 mwezi wa 10 na tarehe 12 mwezi wa 12 huwa siku moja, mwaka wowote ule. Sababu yake ni kwamba kutoka moja hadi inayofuata kuna siku 63, yaani majuma tisa kamili. Mkenya basi hana haja ya kutafuta nguzo mbali: Sikukuu ya Jamhuri, 12 Desemba, ndiyo nguzo yenyewe. Ukijua Jamhuri ya mwaka fulani ilikuwa siku gani, umeushika mwaka mzima.

Miezi isiyogawanyika kwa mbili hukumbukwa kwa jozi. Tano na tisa ni pacha: tarehe 9 mwezi wa 5 na tarehe 5 mwezi wa 9. Saba na kumi na moja ni pacha vilevile: tarehe 11 mwezi wa 7 na tarehe 7 mwezi wa 11. Machi ina tarehe 7 na 14, na Februari ina siku yake ya mwisho, iwe ni 28 au 29. Januari nitairudia baadaye, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapojikwaa.

Sasa tuigeukie hesabu ya siku. Hapa msemaji wa Kiswahili ana nafuu ambayo Conway hakuwa nayo. Yeye ilimbidi azipe siku nambari, kisha azikariri. Sisi nambari zimo ndani ya majina: Jumamosi ni moja, Jumapili ni mbili, Jumatatu ni tatu, Jumanne ni nne, Jumatano ni tano. Alhamisi inafuata ikiwa ya sita, na Ijumaa hufunga juma ikiwa ya saba, au sifuri ukipenda. Jihadhari na Alhamisi tu. Jina hilo limetoka kwa Waarabu, nao huanza kuhesabu Jumapili, hivyo kwao ni siku ya tano. Ndiyo maana juma letu lina tano mbili zinazofuatana, na mtu asiyeangalia huiandika Alhamisi kuwa tano na kupotea kwa siku nzima.

Kazi iliyobaki ni kuipata nguzo ya mwaka unaoutaka. Kila karne ina mahali pake pa kuanzia. Miaka ya 1900 huanza na Jumatano, yaani tano. Miaka ya 2000 huanza na Jumanne, yaani nne. Kwa shughuli za watu walio hai, hizo mbili zatosha.

Kutoka hapo tunaangalia tarakimu mbili za mwisho za mwaka. Mwaka wa kawaida una majuma 52 na siku moja ya ziada, kwa hiyo nguzo husogea siku moja kila mwaka, na siku mbili tukiingia mwaka mrefu, ule wenye siku 366. Miaka kumi na miwili hukusanya siku 12 pamoja na tatu za miaka mirefu, jumla 15, ambazo ni majuma mawili na siku moja. Yaani kila dazeni ya miaka huisogeza nguzo siku moja tu. Basi uliza: dazeni ngapi zimo? Imebaki miaka mingapi? Katika hiyo iliyobaki, nne zimo mara ngapi? Jumlisha majibu hayo matatu na nambari ya karne, kisha uondoe saba-saba mpaka usiweze tena.

Tuijaribu kwa mwaka wa uhuru, 1963. Katika 63 zimo dazeni tano, inabaki mitatu, na katika mitatu hamna nne hata moja. Tano na tatu ni nane, ongeza tano za karne upate 13. Ondoa saba, inabaki sita: Alhamisi. Na kweli tarehe 12 Desemba 1963 bendera ilipandishwa siku ya Alhamisi. Madaraka ya mwaka huo, 1 Juni, iko siku tano nyuma ya 6 Juni, na ukirudi siku tano kutoka Alhamisi wafika Jumamosi.

Mwaka mwingine ambao wazee wengi wanaukumbuka ni 1982. Katika 82 zimo dazeni sita, inabaki kumi, na katika kumi nne zimo mara mbili. Sita, kumi na mbili ni 18, pamoja na tano ni 23. Ondoa 21, inabaki mbili: Jumapili. Tarehe 8 Agosti basi ilikuwa Jumapili, na 1 Agosti, juma moja kabla yake, ilikuwa Jumapili pia. Ndiyo asubuhi ile ya jaribio la mapinduzi, ambapo wengi walisikia habari redioni wakijiandaa kwenda kanisani.

Njia hii hutazama mbele kama inavyotazama nyuma. Katiba inasema uchaguzi mkuu ufanyike Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Kwa mwaka 2027 zimo dazeni mbili, inabaki mitatu, hamna nne. Jumla tano, na nne za karne ni tisa. Ondoa saba, inabaki mbili, Jumapili. Kama 8 Agosti ni Jumapili, basi Jumanne ni tarehe 10, na iliyoitangulia ni tarehe 3. Jumanne ya pili ni 10 Agosti.

Sasa turudi Januari. Katika mwaka wa kawaida nguzo yake ni tarehe 3, na katika mwaka mrefu ni tarehe 4. Mtu husahau kwa sababu anaifikiria siku ya ziada kuwa jambo la Februari pekee. Chukua 1 Januari 2000. Nguzo ya mwaka huo ni Jumanne. Ukishika tarehe 3, utasema mwaka ulianza Jumapili. Lakini 2000 ulikuwa mwaka mrefu, kwa hiyo Jumanne ni tarehe 4, na mwaka ulianza Jumamosi. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua: majibu yako ya Machi hadi Desemba yanakuwa sahihi, na ya Januari au Februari yanapotoka kwa siku moja kamili. Kumbuka pia kwamba 1900 haukuwa mwaka mrefu ingawa nne huugawanya. Mwaka wa kufungia karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400.

Kuna mipaka miwili ambayo hesabu yenyewe haiwezi kuivuka. Wa kwanza ni wa kalenda. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi Aprili 1498, lakini tarehe zake ni za kalenda ya kale, kabla ya marekebisho ya Papa Gregori ya mwaka 1582, na ukizitia katika njia hii utapata siku isiyo yake. Wa pili ni wa lugha. Katika hesabu ya Kiislamu usiku hutangulia mchana. Mzee wa pwani akikwambia mtoto alizaliwa usiku wa Ijumaa, huenda anausema usiku ambao kalenda ya ukutani bado inauita Alhamisi. Muulize kwanza, ndipo uhesabu.

Kesi ya jirani yangu haikuwa na utata huo, kwa kuwa kengele ile ililia mchana. Katika 75 zimo dazeni sita, inabaki mitatu, hamna nne. Jumla tisa, na tano za karne ni 14, nazo zikiondolewa saba-saba hazibakishi kitu: Ijumaa. Pacha wa Mei ni tarehe 9. Tarehe 9 ikiwa Ijumaa, tarehe 11 ni Jumapili. Tarehe 17, siku nane baada ya Ijumaa, ni Jumamosi.

Hesabu ilikuwa imesimama upande wa kitambulisho, lakini sikumwambia kuwa yamekwisha. Tarehe yoyote ya kubahatisha ina nafasi moja katika saba ya kuwa Jumapili, na mama aweza kukosea kwa siku moja baada ya miaka mingi hivyo. Basi tuliitandaza kadi mezani, tukaiangalia vizuri. Aliyeiandika alikuwa na desturi ya kutia kistari katikati ya kila saba: saba ya mwaka 1975 inacho, na za uzani wa mtoto zinacho. Alama ya pili katika tarehe haikuwa na kistari. Ilikuwa moja yenye kichwa kilichopinda kidogo, na aliyenakili cheti aliisoma kuwa saba.

Jirani yangu ameamua kurekebisha cheti.