Bolti ya Nusu Inchi Isiyofika Nusu Inchi

Mkerezaji anayeanza kazi akipewa mchoro ulioandikwa 1/2-13 UNC-2A, mara nyingi huchukua chuma, akakikereza mpaka maikromita isome 0.5000 kamili, ndipo akaanza kukata uzi. Anaamini ameanza vizuri, kumbe bolti imeshakataliwa kabla jino la kwanza halijakatwa. Kwa maandishi yale, ncha za meno haziruhusiwi kuvuka inchi 0.4985. Bolti inaitwa ya nusu inchi, lakini daraja la 2A linaitaka iwe pungufu kidogo, na kidogo hicho kina hesabu yake.

Maandishi yenyewe ni mafupi. 1/2 ni kipenyo cha jina. 13 ni idadi ya meno katika kila inchi ya urefu. UNC ni jamii ya uzi mpana katika mfumo wa inchi ambao Marekani, Uingereza na Kanada walikubaliana Washington tarehe 18 Novemba 1948. Vita vilikuwa vimewaonyesha gharama ya kuwa na nyuzi za aina mbili. Waingereza walikuwa wakikata meno ya Whitworth yenye pembe ya nyuzi 55, Wamarekani wakikata ya nyuzi 60, na bolti ya upande mmoja ilikuwa haiingii nati ya upande wa pili. Yaliyobaki ni 2 na A. Namba ni daraja la ukaribu wa uzi, na A inamaanisha uzi wa nje, yaani wa bolti. Uzi wa ndani, wa nati, huandikwa B.

Afrika Mashariki nyuzi hizi hazijaisha. Trekta za zamani za Massey Ferguson 135 zinazo, na fundi anayezihudumia hukutana nazo zimechanganyika na bolti za milimita na mabaki ya Whitworth. Bolti ya Whitworth ya nusu inchi ina meno 12 kwa inchi, si 13. Ukiifunga kwenye nati ya UNC itaonekana inakubali kwa mzunguko mmoja au miwili, kisha itagoma, na anayeendelea kulazimisha kwa spana huharibu vyote viwili.

Kinachoamua kama bolti na nati vitashikana sawasawa si kipenyo cha nje. Ncha za meno zinaweza kuchakaa kidogo na bolti ikaendelea kufanya kazi, kwa sababu mzigo hubebwa na mbavu za meno, ile miteremko ya pande mbili. Kwa hiyo wahandisi hutazama kipenyo cha kati. Chukulia kuna bomba lisiloonekana linalopita ndani ya uzi, katikati ya mwinuko wa meno, mahali ambapo upana wa jino na upana wa pengo lililo kando yake ni sawa. Kipenyo cha bomba hilo ndicho kipenyo cha kati. Kikiwa kikubwa mno bolti haiingii. Kikiwa kidogo mno mbavu hazigusani vya kutosha na bolti hucheza.

Thamani yake ya msingi hupatikana kwa urahisi. Hatua, yaani umbali kutoka jino moja hadi linalofuata, ni 1 gawanya kwa 13, sawa na inchi 0.076923. Hatua hiyo huzidishwa kwa 0.649519, namba inayotokana na pembe ya nyuzi 60, na jibu hutolewa kwenye kipenyo cha jina. Nusu inchi ukiondoa 0.0500 hubaki 0.4500. Kama dunia ingekuwa na mashine zisizokosea, bolti na nati zote zingekatwa kwa kipimo hicho na stori ingeishia hapo.

Kwa kuwa mashine hukosea, kiwango cha Marekani cha ASME B1.1 kinatoa ruhusa, yaani kiasi ambacho kipenyo cha kati kinaweza kutofautiana kati ya bolti moja na nyingine bila kukataliwa. Kwa daraja la 2A ruhusa hiyo inatokana na vitu vitatu: unene wa bolti (D), urefu wa sehemu inayoshikana na nati (LE), na hatua ya uzi (P).

```
Td2 = 0.0015 ∛D + 0.0015 √LE + 0.015 ∛(P²)
es  = 0.300 × Td2
```

Kwa nyuzi za UNC urefu wa kushikana huchukuliwa kuwa sawa na kipenyo cha jina, hivyo hapa LE ni 0.5. Sehemu ya kwanza inatoa 0.001191, ya pili 0.001061, na ya tatu 0.002713. Jumla ni 0.004964, karibu elfu tano za inchi. Inafaa kutazama ni nani aliyechangia zaidi: hatua peke yake imeleta zaidi ya nusu ya ruhusa yote. Ndiyo maana bolti ya unene huohuo yenye uzi mwembamba hupewa ruhusa ndogo zaidi.

Mstari wa pili wa hesabu ndio unaozaa lile pengo la makusudi. Asilimia 30 ya ruhusa ni 0.001489, na ikikadiriwa kwa desimali nne inakuwa 0.0015. Hiyo ni milimita 0.038, chini ya nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuchapia. Pengo si sehemu ya ruhusa ya kukosea, na hapa ndipo wengi huchanganya. Ruhusa ni ya mkerezaji, aitumie akikosea. Pengo huondolewa kwanza, kwa kila bolti, hata kama mashine yake haikosei hata kidogo, ili bolti nene kuliko zote zinazokubalika ipite kwenye nati nyembamba kuliko zote bila kusuguana.

Sasa mipaka inajitokeza. Mpaka wa juu ni 0.4500 ukiondoa pengo la 0.0015, yaani 0.4485. Mpaka wa chini ni 0.4485 ukiondoa ruhusa ya 0.004964, yaani 0.4435. Bolti yoyote ambayo kipenyo chake cha kati kiko baina ya namba hizo mbili imefaulu.

Kosa linalojirudia ni kutoa pengo kwenye mpaka wa juu, kisha kurudi kwenye 0.4500 kutafuta mpaka wa chini. Anayefanya hivyo hupata 0.4450, na atatupa bolti nzuri zilizoangukia kati ya 0.4435 na 0.4450. Pengo husogeza uzi wote chini, pamoja na ncha za meno, na ndiyo sababu kipenyo cha nje nacho kinaanzia 0.4985.

Kuna jambo lingine dogo linalowatesa wanaotumia kikokotoo. Ukibeba desimali zote bila kukadiria njiani, mpaka wa chini unatoka 0.443584, ambao ukikadiriwa ni 0.4436. Jedwali la kiwango linasema 0.4435. Jedwali halijakosea: kipenyo cha msingi na pengo hukadiriwa kwanza kwa desimali nne, ruhusa hubaki na desimali sita, na mpaka wenyewe hukadiriwa mwisho. Tofauti ya sehemu moja ya elfu kumi haitaangusha daraja, lakini inatosha kuzua ubishi kati ya anayeuza na anayekagua, na katika ubishi huo jedwali ndilo linaloshinda.

Nati ya daraja la 2B inaanzia 0.4500 kamili na kuishia 0.4565. Kwa hiyo bolti nene na nati nyembamba huachiana 0.0015, na bolti nyembamba na nati pana huachiana 0.0130. Daraja la 3A halina pengo kabisa. Mpaka wake wa juu ni 0.4500 uleule. Bolti ya 3A inaweza kubana nati tangu mwanzo, jambo linalotakiwa kwenye baadhi ya vifaa vya usahihi lakini linalomkera anayefunga mamia ya bolti kwa siku.

Pengo lina kazi ya pili: kuipisha rangi ya zinki. Kwenye uzi wa nyuzi 60, unene wa mipako haujumlishwi mara mbili kama kwenye fimbo laini. Mipako hukaa kwenye mbavu zilizoinama, hivyo kila upande wa bolti hupanda kwa mara mbili ya unene wake, na pande mbili zikijumlishwa kipenyo cha kati hukua mara nne. Zinki ya mikroni 8 huongeza mikroni 32, karibu inchi 0.0013. Bolti iliyokuwa kwenye mpaka wa 0.4485 inafika 0.4498, na bado inaingia kwenye nati. Zinki ya mikroni 12 huongeza 0.0019, bolti ileile inafika 0.4504, na nati iliyokatwa kwenye 0.4500 haiipokei. Hapo uzi lazima ukatwe mdogo zaidi kabla ya kupakwa, usizidi 0.4481. Na bolti zinazochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, ambako mipako ya mikroni 50 ni jambo la kawaida, hazisaidiwi na pengo hili hata kidogo. Kwa hizo ni nati ndiyo inayotanuliwa.

Kupima kipenyo cha bomba lisiloonekana kunahitaji waya tatu za chuma zilizo sawa kabisa. Mbili hulazwa kwenye mapengo ya upande mmoja, moja upande wa pili, na maikromita hubana juu yake. Waya inayofaa ni ile inayogusa mbavu palepale kwenye kipenyo cha kati. Kwa meno 13 unene wake ni inchi 0.0444. Ukitumia waya hizo, kipimo cha maikromita huzidi kipenyo cha kati kwa 0.0666. Maikromita ikisoma kati ya 0.5101 na 0.5151, kipenyo cha kati kimo ndani ya mipaka.

Hata hivyo waya zinaweza kukubali bolti ambayo pete ya geji inaikataa. Tuseme maikromita imesoma 0.5145, kipenyo cha kati ni 0.4479, salama kabisa. Lakini skrubu inayoongoza mashine imechakaa, na katika nusu inchi ya uzi meno yamepotoka kwa elfu moja ya inchi. Upotofu wa hatua huifanya bolti ijione nene kwa mara 1.732 ya upotofu wenyewe, hapa 0.0017. Mbele ya pete bolti hiyo ni ya 0.4496, imeshavuka 0.4485. Waya hazikuona kwa sababu zinagusa meno mawili matatu tu, ilhali pete hushika urefu mzima.

Mkaguzi mzoefu hutambua chanzo kwa mkono. Bolti ambayo kipenyo chake ni kikubwa hugoma tangu mzunguko wa kwanza. Yenye hatua iliyopotoka huingia kwa ulaini mizunguko michache, kisha hubana zaidi kadiri inavyoendelea, kwa sababu kosa la kila jino hujumlishwa kwenye la jino lililotangulia. Ya kwanza hutibiwa kwa kukata tena kidogo. Ya pili ikikatwa tena inaweza kupita kwenye pete, lakini mbavu zitakazobeba mzigo ni za meno machache ya mwisho mmoja, na mashine iliyoizalisha itaendelea kutoa nyingine kama hiyo mpaka skrubu yake ishughulikiwe.