Akaunti ya Pamoja: Nani Hutoa Fedha, Nani Hubaki Nazo

Akaunti ya pamoja ni akaunti moja ya benki yenye wamiliki wawili au zaidi. Siku ya kuifungua, wamiliki hujaza fomu inayoeleza saini ya nani itatosha kutoa fedha. Wakichagua wote wawili kwa pamoja, benki hailipi mpaka saini zote zipatikane. Wakichagua yeyote kati yao, kila mmoja anaweza kutoa hata salio lote, na benki haina haja ya kumuuliza mwenzake.

Hata hivyo, kuruhusiwa kutoa fedha si sawa na kuzimiliki. Tuseme mume na mke nchini Tanzania wana shilingi milioni 6 katika akaunti ya saini moja. Wanagombana, na mume anatoa milioni 5. Benki haina kosa, kwa kuwa ilifuata fomu. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kuwa mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa majina ya wote wawili ni yao kwa sehemu sawa, isipokuwa mmoja athibitishe vinginevyo. Mke anaweza kuidai sehemu yake mahakamani, na taarifa ya akaunti itaonyesha fedha zilitoka lini na kwa mkono wa nani.

Mahakama hugawa mali ya wanandoa inapotoa amri ya kutengana au talaka. Kuhama nyumba peke yake hakubadili fomu iliyoko benki: saini iliyotosha jana itatosha na leo. Kwa hiyo anayehofia salio huandikia benki barua mapema, akieleza kuna mgogoro na kuomba fedha zisitolewe bila saini zote mbili. Benki ikipokea barua hiyo kwa kawaida husimamisha malipo hadi wamiliki wapatane au mahakama iamue.

Mmiliki mmoja akifariki, fomu ile ile husomwa tena. Ikiwa ina kipengele cha aliyebaki hai, benki humlipa huyo akileta cheti cha kifo. Isipokuwa nacho, hasa pale saini mbili zilipohitajika, akaunti hufungiwa. Familia hufungua shauri la mirathi, mahakama humteua msimamizi, naye hupeleka benki hati ya uteuzi wake ili sehemu ya marehemu ilipwe.

Kipengele cha aliyebaki hai huilinda benki inapolipa, lakini hakizimi kila dai la warithi. Kama fedha zote ziliwekwa na mzee aliyemwongeza mwanawe ili amsaidie kwenda benki tu, ndugu wengine wanaweza kudai kuwa ni mali ya mirathi. Mgogoro huo hupungua wamiliki wanapoandika mapema akaunti ni ya nini na fedha ni za nani. Kadi au namba ya siri ya marehemu haitoi ruhusa: anayeitumia baada ya kifo anaweza kutakiwa na warithi kurudisha alichotoa.